Risala ya Wahitimu wa Darasa la Saba

Ndugu mgeni rasmi, Afisa Elimu wa Kata yetu;
Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule;
Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote;
Wazazi na walezi, babu na bibi zetu mliokaa kwenye mikeka ya mbele;
Wageni kutoka shule jirani, za huku Pangani mjini na za ng'ambo, Bweni;
Wanafunzi wenzangu:

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Na kwa wote walionizidi umri, ambao hapa ni kila mtu aliyepewa kiti, shikamooni.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alinifundisha kwamba ukishamaliza kutaja wakubwa useme "itifaki imezingatiwa", ili kama umemruka mtu asinune. Basi, itifaki imezingatiwa. Kama bado yupo aliyenuna, avumilie kidogo, pilau linakuja.

Shule yetu! Hoyee! Walimu wetu! Hoyee! Wazazi wetu! Hoyee! Darasa la tano mmeitikia kwa sauti ndogo. Najua mnanusa. Na mimi nanusa, upepo unatoka jikoni kuja huku. Tuvumiliane, kurasa zangu ni tatu tu.

Ndugu mgeni rasmi, mimi ni dada mkuu ninayemaliza muda wangu, na nimetumwa na wenzangu 94, wavulana 41 na wasichana 53, tuseme asante. Nilipewa risala ya mwaka jana ili niifuate. Ni risala nzuri, ina mafanikio, ina changamoto, ina maombi, kila kitu kina namba yake. Lakini wenzangu walikataa. Walisema, "Hiyo ni ya wao. Sisi tuna ya kwetu." Kwa hiyo tulikaa chini ya mwembe siku mbili, kila mmoja akitaja anachokikumbuka, mimi nikiandika. Mwalimu Mkuu ameipitia. Ameweka vyema nne na mahali pamoja ameandika kwa kalamu nyekundu: "Fupisha." Nikifika hapo mtapajua.

Tulianza darasa la kwanza Januari 2019, tukiwa 112. Sare zilikuwa kubwa, mama zetu walinunua za kukulia. Kaptula yangu ya michezo nimeivaa mpaka darasa la tano. Mwalimu aliyetupokea ndiye aliyetufundisha KKK, na wengi wetu tulifika hapa tukijua kuhesabu mpaka kumi tu, tena saba tunairuka. Alikuwa anachora herufi mchangani kwa kijiti, halafu anasema, "Fuata kwa kidole." Wapo wanaosema mwalimu wa darasa la kwanza ana kazi nyepesi kwa sababu anafundisha a, e, i, o, u. Mwalimu, kila nilichosoma baada ya pale, hata risala hii, nakisoma kwa zile herufi zako za mchangani. Naomba usimame tukuone. Wenzangu, makofi ya kilo! Moja, mbili, tatu! Asante.

Mwaka 2020, tukiwa darasa la pili, ikaja korona. Machi 17 shule zikafungwa, tukafunguliwa Juni 29. Siku ya kwanza tulifurahi sana, siku ya kumi tukaanza kuikumbuka hata kengele. Mimi babu yangu alisema mtoto wa shule halali bure. Akanikalisha pembeni ya kifuo, yeye anafua nazi, mimi nahesabu na kuandika kwa mkaa ukutani. Mnazi huu nazi 14, ule nazi 9, jumla ngapi, zikiuzwa kumi zinabaki ngapi. Tuliporudi shuleni nilikuwa nimesahau kuunga herufi, lakini kutoa kwa kuchukua nilikuwa nakujua kuliko jirani yangu wa dawati. Babu yupo pale, mwenye kofia. Babu, ule ukuta umeshapakwa chokaa, lakini hesabu zako hazijafutika.

Sasa walimu wangu, naomba niseme tuliyoyaona, maana watoto huwa tunaona mkidhani hatuoni. Tulimwona Mwalimu wa zamu siku za masika, kivuko kikichelewa na sisi wa Bweni tukifika mstarini tumelowa, anatuelekeza kwanza jikoni tukaote moto, ndipo anatuuliza habari ya namba. Tulimwona Mwalimu Taaluma anaandika maswali ya jaribio ubaoni, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, kisha anafuta kushoto na kuanza upya, kwa sababu shule haina mashine ya kurudufia. Chaki ilimjaa mpaka kwenye nyusi. Tulicheka siku ile. Leo hatucheki.

Na Mwalimu wetu wa Maarifa ya Jamii hatumsahau, kwa sababu yeye alitutoa nje. Tulipofika kwenye somo la wakoloni, hakusema "fungueni kitabu." Alitupanga mistari miwili, tukatembea mpaka ufukweni, akatuambia: hapa Pangani ndipo Abushiri bin Salim alipoanzisha mapambano na Wajerumani mwaka 1888, na hapa hapa Pangani ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Tukanyamaza wote. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo historia ilikuwa mtaani kwetu?" Mwalimu akajibu, "Ulidhani iko wapi?"

Siku nyingine, kwenye Sayansi, tukauliza Mto Pangani huu unatoka wapi. Tukachorewa sakafuni: maji yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanyika Nyumba ya Mungu, yanateremka Hale kwenye mitambo ya umeme, ndipo yanatufikia sisi, yanamwagika Bahari ya Hindi. Tangu siku hiyo nikivuka kwenda nyumbani huangalia yale maji nikasema, nyie mmetoka mbali kuliko mimi, na hamlalamiki.

Hapa ndipo palipoandikwa "fupisha", kwa sababu nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya mama mpishi. Mwalimu Mkuu, nimefupisha. Nimebakiza haya. Mama mpishi hakai meza kuu, hata sasa yuko kwenye masufuria. Yeye ndiye anayefika shuleni kabla ya kaka mkuu hajagonga ile rimu ya lori tunayoiita kengele. Uji wake ukiwa na sukari tunajua wazazi wamechanga, usipokuwa na sukari tunajua bado. Mvulana mmoja wa darasa letu, simtaji, alikuwa anapewa ukoko wa makande kila Ijumaa, nasi tulidhani ni upendeleo. Baadaye tukaja kujua kwamba nyumbani kwao kipindi hicho jioni hapakuwa na kitu. Mama alikuwa anajua, na hakumwambia mtu. Mama, kama unasikia huko, toka na upawa wako huo huo, tukupigie vigelegele!

Haya. Tulianza 112 na leo tuko 94. Wengine walihama na wazazi wao, Tanga, Muheza, Dar es Salaam. Wengine waliacha. Wawili walikwenda dago na baba zao wakaona samaki hawasubiri kengele. Nawaona. Mmesimama nyuma ya mwembe mkidhani sare ndiyo kadi ya mwaliko. Njooni mkae. Daftari la mahudhurio limefungwa, pilau halina mahudhurio.

Ndugu mgeni rasmi, wiki hizi tumetoka kwenye mtihani. Karatasi sita kwa siku mbili, na kusiliba mpaka vidole vikafa ganzi. Mwalimu wetu wa Hisabati alituonya, "Siliba herufi moja tu, msichore maua." Hatukuchora. Matokeo tunayasubiri kwa matumaini, ila bibi yangu anasubiri kwa presha. Yeye anauliza kila jioni kama yametoka, na kila jioni namwambia bado.

Mafanikio mengine ya shule Mwalimu Mkuu atayasoma mwenyewe kwenye taarifa yake, ana takwimu zote. Mimi niongeze moja tu ambalo halitakuwemo: mwaka huu timu yetu ya netiboli ilifungwa mara moja tu. Mwamuzi wa mechi ile tumeshamsamehe.

Maombi yetu, ndugu mgeni rasmi, tuliambiwa yasizidi matatu. Tunalo moja. Tunaomba mashine ya kurudufia. Sisi hatutaitumia, tunaondoka. Ni kwa ajili ya zile nyusi za Mwalimu Taaluma.

Wadogo zetu, sasa zamu yenu. Darasa la nne, mnasoma mtaala mpya na mtamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na hawa wa darasa la tano watakaokuwa la saba. Maana yake ni mahafali mawili kwa siku moja na sufuria ni zile zile. Anzeni kuongea na wazazi mapema. Darasa la sita, tunawaachia bustani ya mchicha. Imwagilieni jioni, siyo saa sita za mchana kama tulivyofanya sisi mwaka wa kwanza tukaua tuta zima. Darasa la kwanza, dawati la mwisho upande wa dirisha lina mguu mmoja mfupi. Wekeni jiwe, lipo chini yake, msilitupe.

Wazazi wetu, kwenu sina maneno ya kuwatosha, na Mwalimu alisema nisilie maikrofoni ikiwa mkononi. Mmevusha watoto mto asubuhi na jioni. Mmechanga mahindi na sukari. Mmesaini madaftari yaliyokuwa na makosa mekundu mengi kuliko wino wa bluu, mkatuuliza kwa upole, wengine si kwa upole sana. Tunasema asanteni, na tunaomba radhi kwa yale madaftari tuliyoyaficha.

Wahitimu wenzangu, tusimame. Tuwageukie walimu. Kama tulivyokubaliana, tusiimbe, tuinamishe vichwa tu, tuseme kwa pamoja mara moja: Shikamooni walimu wetu!

Asanteni. Tumesikia marahaba yenu.

Dada mkuu mpya, njoo. Nyundo hii hapa. Ukigonga, gonga pembeni ya rimu, siyo katikati. Katikati imepasuka na sauti yake haifiki hata kwenye mnazi wa kwanza. Igonge mara tatu, watu waende kunawa mikono.

Ndugu mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.