Ombi la Kupangiwa Upya Ratiba ya Marejesho ya Mkopo

5 Mei 2025

Meneja wa Mikopo,
Idara ya Mikopo ya Watu Binafsi.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA RATIBA YA MAREJESHO, AKAUNTI YA MKOPO NAMBA 0417-2286

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu na mkataba wa mkopo tuliousaini Desemba 2023, ambao kwa mkataba huo nilikopeshwa shilingi 12,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayokokotolewa kwa salio linalopungua, na kutakiwa kurejesha shilingi 433,829 kila tarehe 28 ya mwezi kwa miezi 36. Tangu Januari 2024 hadi Aprili 2025 nimelipa marejesho 16 bila kuruka hata moja, na kwa mujibu wa taarifa ya akaunti niliyopewa na tawi lenu, salio la mkopo baada ya rejesho la Aprili ni shilingi 7,448,254.

Ninaandika kukujulisha kwamba ajira yangu ilikoma tarehe 31 Machi 2025, baada ya mwajiri wangu kupunguza wafanyakazi na kufuta nafasi zote za uhasibu msaidizi katika idara niliyokuwa nikifanyia kazi. Barua ya kuachishwa kazi, ambayo nakala yake nimeiambatisha, inaeleza wazi kuwa sababu ni upunguzaji huo na si utovu wa nidhamu wala utendaji mbovu. Marejesho yangu yalikuwa yakikatwa moja kwa moja kwenye mshahara na kuletwa kwenu na mwajiri, kwa hiyo makato hayo nayo yamekoma. Rejesho la Aprili nililileta mwenyewe dirishani kutoka kwenye malipo ya kuachishwa kazi. Rejesho linalofuata ni la tarehe 28 Mei, na nimeona ni haki yenu kuifahamu hali hii kabla tarehe hiyo haijafika, wakati akaunti bado haina deni lililochelewa, kuliko kusubiri mpaka afisa mikopo alazimike kunitafuta.

Kwa ajili hiyo, ninaomba mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kwanza, kwa miezi mitatu, yaani Mei, Juni na Julai 2025, niruhusiwe kulipa riba peke yake, ambayo kwa salio la sasa ni shilingi 111,724 kwa mwezi. Pili, kuanzia tarehe 28 Agosti 2025, salio hilo la shilingi 7,448,254 ligawanywe upya kwa miezi 36 kwa kiwango kile kile cha riba, jambo ambalo kwa hesabu yangu litafanya rejesho jipya liwe shilingi 269,272 kwa mwezi na mkopo umalizike Julai 2028 badala ya Desemba 2026. Kama hesabu zenu zitatofautiana kidogo na zangu kwa sababu ya idadi ya siku za mwezi au namna mfumo wenu unavyokadiria senti, nitafuata zenu.

Sikufikia kiwango hicho kwa kukisia. Mshahara wangu wa mkononi ulikuwa shilingi 980,000, na sasa kipato cha nyumba yetu ni mshahara wa mume wangu wa shilingi 540,000 pamoja na shilingi 150,000 ambazo nimeanza kuzipata kwa kuwaandikia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu, jumla shilingi 690,000. Katika hizo, kodi ya nyumba ni shilingi 180,000, chakula pamoja na maji na umeme ni 200,000, ada ya shule nikiigawa kwa miezi ni 95,000, na usafiri na matibabu ni 70,000, hivyo kinachobaki ni shilingi 145,000. Rejesho la zamani la shilingi 433,829 haliwezekani hata tukijibana vipi, lakini riba ya shilingi 111,724 inalipika. Kuanzia Julai nitaanza kazi ya muda kwa mkataba wa mwaka mmoja, wenye malipo ya shilingi 180,000 kwa mwezi baada ya makato, na mshahara wa kwanza utalipwa mwishoni mwa mwezi huo. Masaa ya kazi hiyo yananiruhusu kuendelea na wateja wangu wa vitabu, kwa hiyo ziada ya nyumba itapanda hadi shilingi 325,000, na hapo rejesho la shilingi 269,272 litalipwa na bado tutabaki na akiba ndogo ya dharura. Barua ya ajira hiyo nayo nimeiambatisha.

Ninatambua kwamba ombi hili linaongeza gharama ya mkopo, na sitaki ionekane kana kwamba sijalitazama upande huo. Kwa ratiba ya sasa nimebakiwa na marejesho 20 yenye jumla ya shilingi 8,676,580. Kwa ratiba ninayoomba nitalipa shilingi 10,028,964, yaani nyongeza ya shilingi 1,352,384. Nimeikubali nyongeza hiyo kwa sababu ndiyo gharama halali ya kupewa muda, na kwangu ni nafuu kuliko tozo za ucheleweshaji na hatimaye kuitwa kwa wadhamini. Niliwaza pia kuomba niahirishiwe malipo yote kwa miezi mitatu, nikaona si busara: riba isiyolipwa ingejumlishwa kwenye salio, salio lingefika shilingi 7,788,478 ifikapo mwisho wa Julai, na baada ya hapo ningekuwa ninalipa riba juu ya riba. Maadamu uwezo wa kulipa riba ninao, ni afadhali niilipe.

Huenda ukauliza kwa nini malipo ya kuachishwa kazi yasitumike kupunguza deni. Malipo hayo yalijumuisha mshahara wa mwezi mmoja wa notisi, siku za likizo ambazo sikuzitumia na kiinua mgongo. Baada ya kulipa rejesho la Aprili, kumalizia ada ya muhula na kugharimia mahitaji ya mwezi huo, zimebaki shilingi 1,240,000, nazo ziko kwenye akaunti yangu ya akiba katika tawi lenu, mnakoweza kuziona. Nikiziingiza zote kwenye mkopo leo, salio litapungua, ni kweli, lakini nyumba itabaki bila kinga yoyote, na mwezi mmoja tu wa malipo ya wateja kuchelewa utatosha kuniangusha. Zikibaki akiba, zinatosha marejesho manne ya ratiba mpya endapo mkataba wangu utachelewa kuanza. Kwa maoni yangu kinga hiyo ina faida kwa mkopeshaji pia. Hata hivyo, iwapo kamati yenu ya mikopo itaona sehemu ya fedha hizo ilipwe mwanzoni kama sharti la kuidhinisha ombi, niko tayari kulizungumza.

Kuhusu wadhamini, mmoja wa wadhamini wangu wawili alikuwa mfanyakazi mwenzangu na ameachishwa kazi katika upunguzaji ule ule, jambo ambalo naona ni wajibu wangu kulisema ingawa halinipendezi kulisema. Mdhamini wa pili bado yuko kazini. Nimeonana nao wote wawili, nikawaeleza kwamba muda wa mkopo ukirefushwa dhamana yao nayo inarefuka, na kila mmoja ameandika barua ya kuridhia, ambazo zote mbili zimeambatishwa. Ili kuziba pengo la yule aliyepoteza ajira, mume wangu yuko tayari kuongezwa kuwa mdhamini, na atakuja mwenyewe kusaini na kuleta uthibitisho wa mshahara wake siku mtakayoitaja.

Endapo ombi litakubaliwa, ninaomba makubaliano yaandikwe kama nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote, pamoja na ratiba mpya inayoonyesha kwa kila mwezi sehemu ya riba, sehemu ya mkopo wenyewe na salio linalobaki. Ninaomba pia nisitozwe tozo ya ucheleweshaji kwa miezi mitatu ya kulipa riba peke yake, kwa kuwa katika miezi hiyo nitakuwa nimelipa kile tulichokubaliana, na kwa sababu hiyo hiyo taarifa zitakazopelekwa kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo zionyeshe kuwa mkopo umepangiwa upya masharti kwa makubaliano na si kwamba malipo yamechelewa. Hili nalitilia mkazo kwa sababu kazi ninayoitafuta ni ya uhasibu, na waajiri wa fani hii huwa na desturi ya kutazama historia ya mikopo ya mwombaji. Vilevile nitashukuru kama nyongeza hiyo itaniruhusu kulipa zaidi ya kiwango cha mwezi, au kumaliza mkopo mapema, bila kutozwa ada, kwani nia yangu ni kurudi kwenye rejesho la zamani pindi nitakapopata ajira ya kudumu. Iwapo kuna ada ya kushughulikia marekebisho, ninaomba nifahamishwe kiasi chake kabla ya kusaini.

Kwa vile makato ya mshahara hayapo tena, ninapendekeza kufungua agizo la kudumu la malipo kutoka kwenye akaunti yangu ya akiba iliyotajwa, litakalotoa fedha kila tarehe 28 bila kusubiri nifike tawini.

Liko pia suala la bima ya mkopo, ambayo ada yake ilikatwa kwenye fedha za mkopo siku nilipozipokea. Nakala ya masharti ya bima haikuwa miongoni mwa hati nilizokabidhiwa, kwa hiyo ninaomba mnithibitishie kwa maandishi kama inagusa kupoteza ajira kwa kupunguzwa kazi au inahusu kifo na ulemavu peke yake. Kama inagusa, ninaomba kuelekezwa namna ya kuwasilisha madai na muda wa mwisho wa kufanya hivyo. Kama haigusi, ombi langu linabaki kama nilivyolieleza. Kadhalika, mtaniandalia nyongeza ya ada ya bima kwa miezi 19 itakayoongezeka, kama mkataba unaitaka.

Niko tayari kuja kuonana nawe au na afisa mikopo siku yoyote ya kazi. Kwa kuwa rejesho la Mei liko karibu, nitashukuru sana nikipata jibu kabla ya tarehe 23 Mei 2025. Hata kama uamuzi utakuwa haujafikiwa kufikia tarehe 28, nitalipa shilingi 111,724 siku hiyo ili riba ya mwezi isilimbikizwe, na ninaomba malipo hayo yapokelewe bila kuhesabiwa kuwa nimekubali au nimeacha haki yoyote ya upande wowote, hadi ombi litakapoamuliwa.

Ninashukuru kwa muda utakaoutumia kulipitia ombi hili.

Wako mwaminifu,

(saini)
Mkopaji, akaunti ya mkopo namba 0417-2286

Viambatisho: barua ya kuachishwa kazi, barua ya ajira ya muda kuanzia Julai 2025, taarifa ya akaunti ya mkopo hadi Aprili 2025, taarifa ya akaunti ya akiba ya miezi mitatu, hati ya mshahara ya mume wangu, barua mbili za wadhamini kuridhia.

Nakala: Wadhamini wote wawili.