Kati ya Kibanda cha Wakala na Kaunta ya Polisi: Kwa Nini Wahanga wa Utapeli wa Simu Huripoti au Hunyamaza katika Kata za Manzese na Mabibo, Dar es Salaam

Pendekezo la utafiti kwa ajili ya tasnifu ya mwaka wa tatu, Shahada ya Awali ya Sosholojia, mkondo wa elimujinai. Mwaka wa masomo 2025/2026.

Usuli wa tatizo

“Ile hela tuma kwenye namba hii.” Ni vigumu kumpata mwenye simu Dar es Salaam ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa namna hii. Hauna salamu wala jina la mtumaji, na nguvu yake iko hapo hapo. Hutumwa kwa kubahatisha, na ukimwangukia mtu ambaye siku hiyo kweli anadaiwa kodi ya chumba au ada ya mtoto, mwenyewe hujaza kilichokosekana na kubonyeza namba ya siri. Wengine hupigiwa na anayejiita mtu wa huduma kwa wateja, au huambiwa mtoto amezidiwa shuleni, au huombwa warudishe pesa “iliyotumwa kimakosa”.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu iliingia Tanzania mwaka 2008, na utapeli ukafuata njia hiyo hiyo. Sheria haikosekani. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikamilishwa kwa kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kuanzia Januari 2020. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa za namba za matapeli. Kwa maneno mengine, mhanga ana mahali pa kwenda.

Tatizo ninalotaka kulichunguza ni hatua inayotangulia. Takwimu za polisi ni hesabu ya waliofika kaunta na kupewa RB. Aliyeishia kwa wakala, kwa mjumbe wa shina au kwenye kundi la WhatsApp la familia hayumo humo. Tukipanga doria, elimu kwa umma na bajeti kwa kutazama takwimu hizo peke yake, tunapima utayari wa watu kuripoti huku tukidhani tunapima uhalifu.

Nadharia zinazoongoza utafiti

Cohen na Felson walieleza mwaka 1979 kwamba kosa hutokea pale vinapokutana vitu vitatu: mwenye nia, shabaha inayofaa, na kukosekana kwa mlinzi madhubuti. Nadharia hiyo imezoeleka mno katika tasnifu za mwaka wa tatu, na mara nyingi hunukuliwa bila kupewa kazi yoyote. Hapa ninaitumia kwa swali moja tu: mlinzi ni nani katika muamala wa simu? Ninashuku kwamba ni wakala. Yeye ndiye anayemwona mtu akitetemeka kibandani, na ndiye mhanga anayemkimbilia kwanza kuuliza kama pesa inaweza kuzuiwa. Lakini wakala huyo huyo hulipwa kamisheni kwa kila muamala, na ulinzi wake haujaandikwa popote kama kazi yake.

Nadharia ya pili ni ya Nils Christie (1986), aliyesema jamii humpa mtu hadhi ya mhanga kwa urahisi zaidi akiwa dhaifu, akiwa katika shughuli ya heshima, akiwa hana lawama, na mkosaji akiwa mkubwa, mbaya na mgeni kwake. Aliyetapeliwa kwa simu anaangukia kwenye sharti la lawama. Alituma mwenyewe. Mtaani huitwa mjinga au mwenye tamaa kabla ya kuitwa mhanga.

Swali la utafiti

Swali kuu: Mtu aliyetapeliwa kwa simu Manzese au Mabibo huamuaje kuripoti au kutoripoti, na humwendea nani kwanza?

Ndani yake kuna maswali matatu. Mhanga hupita kwa watu gani tangu agundue ametapeliwa hadi anapoliacha suala? Gharama (nauli, muda, kiasi kilichopotea) na aibu zina uzito gani katika uamuzi huo? Wakala hufanya nini anapoletewa habari hiyo, na huiona kuwa wajibu wake?

Maelezo ya gharama na ya aibu nitayaacha yashindane. Ikiwa waliopoteza fedha nyingi nao walinyamaza, maelezo ya gharama yatakuwa yamedhoofika. Ikiwa watu walisimulia mkasa wao mtaa mzima bila kuona haya lakini hawakukanyaga kituoni, basi aibu haitoshi na itabidi nitafute kwingine, pengine katika imani yao kuhusu kitakachofanyika baada ya kupewa RB. Sina dhana ya awali ninayoilinda.

Mbinu

Utafiti ni wa kimaelezo. Dodoso lingenipa asilimia, lakini sampuli ninayoweza kuifikia bila fedha haitawakilisha Wilaya ya Ubungo, hivyo asilimia hizo zingedanganya. Isitoshe, mlolongo wa uamuzi haujibiki kwa kuweka alama ya vema.

Manzese na Mabibo zinapakana, zina msongamano wa vibanda vya mawakala, na maisha yake ni ya biashara ndogondogo zinazolipana kwa simu. Mabibo ina soko la ndizi ambako mzigo hulipiwa na wanunuzi wasioonana na wauzaji. Pia ina wanafunzi wengi wa vyuo, na hilo ni hatari: nisipojizuia nitaishia kuwahoji wenzangu. Wanafunzi hawatazidi wanne.

Nitahoji wahanga 20, mawakala 8, wenyeviti wa serikali za mitaa 2 na maofisa wa polisi 2 waliowahi kupokea malalamiko ya aina hii. Mhanga ni mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi aliyepoteza fedha kwa udanganyifu wa simu ndani ya miezi 12 iliyopita. Waliopokea ujumbe na kuupuuza hawamo. Mpaka wa miezi 12 unasaidia kumbukumbu, ingawa watu hupenda kusogeza tukio kubwa karibu kuliko lilivyokuwa. Kwa hiyo kila tukio nitalifunga kwenye alama inayokumbukika, kama kabla au baada ya Idd, au kufunguliwa kwa shule.

Wahanga nitawapata kwa usampulishaji lengwa, kisha kwa mnyororo. Mnyororo mmoja hukuletea marafiki wa mtu mmoja, kwa hiyo nitaanzisha minne tofauti: sokoni, kwa bodaboda, kwa mama lishe, na kupitia mwenyekiti wa mtaa. Hakuna mnyororo utakaotoa zaidi ya watu sita. Mnyororo wa mwenyekiti nitautazama kwa tahadhari, kwa kuwa utaleta zaidi waliokwisha ripoti mahali fulani.

Mahojiano yatakuwa ya dakika 40 hivi, kwa Kiswahili, yakianza na ombi moja: “Nisimulie tangu ulipopata ujumbe au simu ile hadi ulipoamua yaishe.” Maswali ya kufuatilia ni haya: Nani alikuwa wa kwanza kujua? Alisema nini? Ulifikiria polisi saa ngapi, na nini kilikufanya uende au usiende? Kuna mtu ambaye hadi leo hujamwambia? Swali hili la mwisho ndilo ninalolitegemea zaidi kuhusu aibu, kwa sababu mtu hakiri aibu akiulizwa moja kwa moja.

Data nitaichanganua kwa mada, kufuata hatua sita za Braun na Clarke (2006). Kwa kila mhanga nitachora pia njia aliyopita, nani baada ya nani, na kulinganisha njia hizo kati ya waliopata RB na wasiopata.

Matokeo hayatasema ni wahanga wangapi Dar es Salaam hawaripoti. Yatasema uamuzi unafanyikaje.

Maadili

Ugumu wa kwanza ni kwamba mgeni anayekupigia simu na kuuliza habari za miamala yako anafanana kabisa na tapeli. Kwa sababu hiyo sitamtafuta yeyote kwa simu. Nitaonana na watu ana kwa ana, nikiwa na kitambulisho cha chuo na barua za utambulisho. Sitauliza namba ya siri, salio, namba ya NIDA wala namba ya simu ya mhojiwa. Akitaka kunionyesha ujumbe wa tapeli nitausoma na kunakili maneno tu. Sitaupiga picha.

Barua ya chuo itapelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kwenye kata na mitaa. Ruhusa ya kuwahoji maofisa wa polisi itaombwa kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Ikikataliwa au ikichelewa kupita tarehe 30 Januari, utafiti utaendelea bila wao na tasnifu itasema hivyo.

Hakuna malipo. Nitanunua maji au soda, basi. Kutuma vocha kungenilazimu kuchukua namba, na kungeamsha shaka ile ile.

Majina hayatarekodiwa, kila mhojiwa atapewa herufi na namba. Sauti itarekodiwa kwa ridhaa, itafungwa kwa nywila na kufutwa baada ya tasnifu kusahihishwa, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa mawakala, nitawaonya kabla hawajaanza kwamba wasinitajie kosa la mtu kwa jina, likiwemo lao, kwa kuwa mwanafunzi hana kinga ya kisheria ya kukataa kutoa ushahidi. Mhanga anayeumia kwa kusimulia ataachwa apumzike au aache, na wote watapewa karatasi yenye namba 15040 na maelezo ya kufungua malalamiko.

Ratiba

Novemba 2025 ni ya kukamilisha pendekezo na kulitetea idarani. Barua za vibali zitaanza kuzunguka wiki ya kwanza ya Desemba, kwa sababu baada ya hapo ofisi nyingi huingia kwenye mapumziko ya sikukuu. Mwezi huo huo nitafanya mahojiano mawili ya majaribio na kurekebisha mwongozo.

Mahojiano yote lazima yafanyike kati ya tarehe 5 Januari na 15 Februari 2026. Ramadhani inatarajiwa kuanza siku chache baadaye, na sitaki kumshika mtu mwenye kiu kwa dakika 40 juani, wala kumkuta anakimbilia futari. Baada yake inakuja masika, na mvua kubwa Manzese hufunga njia na biashara. Kunukuu sauti kutaenda sambamba na mahojiano, kisha kutamalizika mwishoni mwa Februari. Machi ni ya uchanganuzi. Rasimu ya kwanza itamfikia msimamizi tarehe 24 Aprili, masahihisho yatachukua Mei, na tasnifu itawasilishwa tarehe 12 Juni 2026. Mahojiano ya wahanga yasipofika 20 ifikapo 15 Februari, nitafunga kwa idadi nitakayokuwa nayo mradi isipungue 14, badala ya kusogeza uchanganuzi mbele.

Kiambatisho: maneno ya ridhaa yatakayosomwa kwa mhojiwa

“Shikamoo / habari yako. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, na hiki ni kitambulisho changu pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Ninaandika kuhusu watu waliotapeliwa kwa simu na walichofanya baadaye. Mimi si polisi wala si mtu wa kampuni ya simu, na siwezi kukurudishia fedha yako. Sitaandika jina lako. Swali usilolipenda liruke, na ukitaka tuache tutaacha wakati wowote, hutaulizwa sababu. Ukibadili mawazo kabla ya tarehe 15 Machi, mwambie mwenyekiti wa mtaa herufi na namba yako iliyo kwenye karatasi hii naye atanifikishia, nitafuta maneno yako yote. Nikuombe ruhusa ya kurekodi sauti? Ukikataa nitaandika kwa mkono. Una swali kabla hatujaanza?”