Mbaru atimiza 40, na bado auliza "mwisho wako ngapi?"

Haya jamani, hebu tulieni kidogo, wale wa kule kwenye sambusa rudini hazikimbii. Assalaam aleikum. Mama shikamoo, na kabla sijaanza naomba radhi kabisa kwa haya ntakayosema juu ya mwanao, lakini wewe ndo uliemzaa kwa hivyo kidogo na wewe wahusika.

Kwa wasonijua, mi naitwa Hamisi, nimekaa dawati moja na huyu bwana toka darasa la nne hapa hapa Majengo. Na hilo dawati alinilipisha. Wallahi. Upande wa dirishani kwenye upepo ilikuwa ni mabuyu kumi kwa siku, nikamwambia matano, akanambia basi kaa huku ukutani ufe na joto, kaskazi lenyewe lile la mwezi wa pili, nikalipa kumi. Mtoto wa miaka tisa huyo! Leo ana 40 na hajabadilika ila nywele tu, nazo ziliondoka zenyewe polepole, nadhani alikuwa apatana nazo bei zikachoka.

Maana ugonjwa wake nyote mwaujua. Mbaru hanunui kitu, Mbaru hupatana. Nendeni nae Marikiti siku moja muone. Atashika changu mmoja amfungue matamvua amchungulie kama daktari wa macho, amnuse, amrudishe, aende kwa jirani, arudi, amwambie yule mzee wa samaki "huyu amelala huyu, mwisho wako ngapi?" na mzee keshavua kofia, kesha apa kwa Mola wake, mwisho amwambia mchukue tu bwana niondokee. Na hapo ndo sasa ataka aparwe bure. Viazi karai vya bei ile ile ya mji mzima ataongezwa viwili, na ukwaju atautaka kwenye mfuko wa peke yake, wa kwenda nao nyumbani.

Tuktuk ndo usiseme. Siku moja tulisimama pale kwenye pembe za ndovu jua la saa saba, dereva ataka mia, huyu asema themanini, mi nshatoa ishirini yangu mfukoni nampa dereva kwa siri, Mbaru akaiona, akanikasirikia MIMI, ati nimemharibia soko. Tukaenda kwa miguu. Mpaka Kongowea! Daraja zima la Nyali yuanieleza kanuni za biashara na mi nimevaa viatu vya harusi. Namshukuru Mungu ferry ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, lau si hivyo huyu angekuwa mpaka leo yuko ng'ambo ya pili abishana na kapteni. Na lau angekuwepo 1593, hiyo Fort Jesus Wareno hawangeijenga, angewauliza bei ya jiwe moja moja mpaka wakarudi kwao na majahazi yao.

Probox yake je? Alipatana nayo mwezi mzima, akashusha, akashusha, mwenyewe mwisho akamwambia sawa lakini kwa bei hiyo sikupi na dirisha. Mwadhani natania. Ukipanda mbele yabidi ushike kioo kwa mikono miwili usishtue, kikianguka ni chako.

Sasa shemeji Zainabu, hii sijui kama washawahi kuisikia lakini leo ntaisema kwa vile mshazaa watoto watatu na hamna pa kurudi. Siku wazee walipokuja kwenu kwa ajili ya posa, Mbaru aliambiwa akae nje kwenye gari, asitie mguu, asiseme neno. Akakaa. Lakini vidole havijakatazwa. Akamwandikia mjombake meseji: "WAULIZE KAMA TWAWEZA KULIPA KIDOGO KIDOGO." Mjomba, Allah amrehemu, hakuja na miwani siku ile, akaitazama ile simu akaigeuza huku na huku, halafu kwa adabu zake zote akampa mzee alokaa karibu nae amsomee. Alokaa karibu nae alikuwa ni babako. Mzee akasoma. Kwa sauti. Ukumbi mzima kimya, watu na vikombe vyao vya kahawa viko nusu njia. Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasema kama kijana mwenyewe yuaona kila shilingi hivi basi binti yangu hatolala njaa. Kwa hivyo ndoa hii mnayoiona ilisimama kwa sababu ya miwani ilosahauliwa Likoni.

Haya. Nimekunywa maji kidogo, maana hii ya mwisho si ya kucheka sana, na Mbaru alinikataza nisiiseme popote.

2020 mwajua vile pwani ilikuwa. Mahoteli yamefungwa, kafyu saa moja, na mi ni mtu wa jikoni hotelini, mwezi wa nne tukaambiwa nendeni nyumbani tutawapigia simu. Hawakupiga. Nikauza redio, nikauza kitanda cha wageni, mwisho nikaandika kwenye grupu yetu kwamba nauza friji. Hakuna aliyejibu, na mi simlaumu mtu, nani alikuwa na pesa. Jioni saa kumi na moja nasikia hodi, Mbaru, barakoa iko kidevuni. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja kwenye friji akafungua mlango, mle ndani mna chupa ya maji na nusu ya ndimu, akaitazama ile ndimu, akafunga.

"Ngapi?"

Nikamwambia elfu kumi na tano, na nimejitayarisha kabisa moyoni, namjua, ntashushwa mpaka elfu sita na mlango nibakie nao mimi. Akatoa simu. Nikasubiri "mwisho wako ngapi." Haikuja. Meseji ya M-Pesa ikalia mkononi mwangu, nikaifungua, elfu kumi na tano, NA YA KUTOLEA.

Na ya kutolea jamani! Mbaru huyu huyu! Nilitaka kumpeleka hospitali nikidhani amepata homa.

Akanambia friji ntaijia nikipata mkokoteni wa bei nzuri. Akatoka mbio kwa sababu ya kafyu. Ukafika mwezi wa sita nikamuuliza, akasema bado waitisha nyingi. 2021, bado waitisha nyingi. Nikapata kazi, alhamdulillahi, nikamwambia basi chukua pesa zako, akakataa, ati yeye harudishi mzigo keshaununua. Mpaka jana hiyo friji iko jikoni kwangu, na hiyo barafu mliyo nayo kwenye juisi zenu hapo imetoka humo.

Kwa hivyo simameni, inueni glasi zenu juu, hata ile meza ya sambusa. Mbaru, ndugu yangu wa dawati, Mola akupe umri mrefu wenye afya na kheri, na siku Izraili akija naomba upatane nae vizuri, umzungushe mpaka achoke arudi baada ya miaka hamsini. Twakupenda sana bwana. Mi nakupenda. Zawadi ya bahasha sikuleta, usinitazame hivyo, nimekuletea friji yako. Iko chini mlangoni juu ya mkokoteni, na yule jamaa ataka mia tano. Nshamwambia mwenyewe yuashuka.