Folio ya 47

Mwenyekiti wa kijiji alipiga hodi kwenye dirisha la masjala saa mbili asubuhi, viatu vimejaa tope jekundu la Januari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza zahanati yetu."

Saumu alikuwa bado mgeni katika halmashauri ile ya juu uwandani, mkoani Mtwara. Cheti chake cha utunzaji kumbukumbu alikuwa amekichukua Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Mtwara, na huko walimfundisha vizuri: barua ikiingia inagongwa muhuri, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio, inatiwa kwenye jalada lake. Barua ikishafika kwa mhusika, kazi ya masjala imekwisha. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Mzee Hamisi alieleza kwa kirefu, maana alikuwa na haki ya kueleza. Boma la zahanati limefika usawa wa linta. Matofali yalifyatuliwa na wananchi wenyewe, na msimu wa korosho walikubaliana kukatwa shilingi 30 kwa kila kilo pale chama cha msingi. Sasa mvua inanyesha ndani ya kuta. Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikaa Desemba chini ya diwani, ikaliweka boma hilo kipaumbele namba moja, mtendaji wa kata akaandika muhtasari na kuuleta kwa Mkurugenzi. Lakini kuna mtu amemnong'oneza kwamba kwenye rasimu ya bajeti kata yao ina kisima tu.

"Diwani anasema imepita. Mtendaji anasema imepita. Imepita kwenda wapi?"

Saumu alimwomba akae kwenye benchi, akalivuta jalada la kata. Folio ya 47: muhtasari wa kikao cha kata, muhuri wa IMEPOKELEWA, sahihi ya Mkurugenzi, na chini yake maneno mawili kwa wino wa kijani, "Mipango, shughulikia." Basi ulifika. Akafungua upande wa kushoto, kwenye madokezo, upande ambao watu wengi hawausomi. Mchumi alikuwa ameandika: "Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji haujaambatishwa. Hatuwezi kuthibitisha ridhaa ya wananchi wala mchango wao. Mradi usubiri."

Hakuna aliyeukataa mradi. Ulikuwa umesubirishwa, na habari hiyo haikuwa imemfikia mtu yeyote kijijini.

"Mzee, mkutano mkuu mlifanya?"

"Tulifanya Novemba! Watu walijaa mpaka chini ya mwembe. Tukapiga dole gumba, kurasa tatu."

"Na muhtasari mliupeleka wapi?"

"Aliuleta huku mtendaji wa kijiji mwenyewe, kwa bodaboda."

Bi Zainabu, mkuu wa masjala, alikuwa anakunywa chai ya tangawizi huku akisikiliza. Huyu mama alikuwa na tabia ya kujibu swali ambalo hujaliuliza. "Mwanangu, umeshawahi kujiuliza mpango wa kata unatembea kwa miguu gani?"

Saumu alisema vikao.

"Vikao havitembei. Halmashauri ya kijiji inapanga, mkutano mkuu unaridhia, kata inaunganisha vijiji vyake. Ukifika hapa, wakuu wa idara wanauchambua na Mkurugenzi wao, halafu kamati za kudumu za madiwani: ya elimu, afya na maji, ya uchumi, ujenzi na mazingira. Zote zinamiminika kwenye Fedha, Uongozi na Mipango, ndipo Baraza la Madiwani. Kila kikao kinakaa na kikao kilichotangulia kikiwa mezani, kwa karatasi. Karatasi isipokuwepo, kikao cha chini hakikukaa. Hata kama watu walijaa mpaka mwembeni."

Akaweka kikombe chini. "Tazama jalada la Vijiji, Mawasiliano ya Jumla."

Lilikuwa kabati la pili. Saumu alipekua barua za maombi ya mihuri, malalamiko ya mipaka, taarifa ya tembo walioharibu mashamba, na hapo katikati akaukuta: kurasa nne zilizobanwa kwa pini iliyoanza kushika kutu, na nyuma yake orodha ya mahudhurio. Majina yameandikwa kwa mwandiko mmoja, ila mbele ya kila jina kuna dole gumba la zambarau, mengine yamepinda, mengine yamefutika nusu kwa jasho. Muhtasari wa kijiji ulikuwa umeingia kabla ya ule wa kata, bila barua ya kuutambulisha, na aliyeupokea akauweka pale panapowekwa visivyo na pa kwenda.

Saumu hakuuhamisha kienyeji. Aliandika rejea mtambuka kwenye majalada yote mawili, akaandaa dokezo la kuelekeza folio kwa folio, akalibeba mwenyewe hadi Mipango. Mchumi alisoma, akakuna kidevu.

"Hii imekuja siku tatu kabla ya Kamati ya Fedha. Nitaiingiza. Lakini ukomo wa bajeti umeshuka, milioni 50 walizoomba hazipo. Tuangalie bati na mbao."

Siku ya kikao Saumu aliitwa kukaa nyuma na majalada. Alitarajia hotuba. Alichokikuta ni ubishi wa namba, kila diwani na kata yake, na mwenyekiti akirudia "waheshimiwa, tuheshimu ukomo" mpaka neno likachosha. Zamu ya boma ilipofika, diwani mmoja wa viti maalumu, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliuliza swali moja tu.

"Wananchi walikaa lini, na wamechangia nini?"

Mchumi aligeuka nyuma. Saumu alikuwa ameshaufungua ukurasa. Karatasi ilipita mkono kwa mkono, mama akavaa miwani, akahesabu madole kwa ncha ya kalamu, akaacha katikati. "Hawa wana nguvu kuliko sisi. Wapewe." Zikapita milioni 32. Kisima kikabaki. Barabara ya kata jirani ikatolewa, na diwani wake akatoka nje kupiga simu.

Baraza lilipoketi, Mzee Hamisi alikuja kusikiliza, amevaa kanzu. Baada ya kikao alimkuta Saumu dirishani.

"Bati lini, mwanangu?"

"Bado, mzee. Sasa inakwenda Kamati ya Ushauri ya Wilaya kwa Mkuu wa Wilaya, halafu ya Mkoa, halafu Dodoma, TAMISEMI na Hazina, mpaka Bunge lipitishe. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Na fedha zenyewe huja kwa awamu."

"Julai mvua zimekwisha."

"Ndiyo."

Mzee alitafakari. "Na milango? Sikusikia milango."

"Milango haikuingia. Iandikeni kwenye mkutano mkuu wa robo ijayo. Muhtasari wa kijiji upitie kwa mtendaji wa kata, uje pamoja na wa kata, bahasha moja, na barua ya juu inayotaja jalada hili." Akamwandikia namba ya kumbukumbu na folio kwenye kipande cha karatasi.

Mzee aliisoma namba ile kwa sauti, taratibu, akakosea mkwaju mmoja, akarudia.

"Na nitajuaje kama imefika?"

Saumu alisukuma daftari la dispachi dirishani, akamwonyesha safu ya mwisho. "Atakayeleta asiondoke mpaka nimesaini hapa. Akikuta sipo, asimwachie mlinzi."

"Mtendaji wangu ana haraka sana na bodaboda zake."

"Basi njoo naye."

"Nitakuja naye," alisema mzee, akaomba kalamu aandike na jina lake Saumu, asije akaambiwa kesho hamjui aliyempa maelekezo.