Mwaliko wa mafunzo ya mtandaoni: Kusafisha data kwenye Excel kabla ya kuandika ripoti

Kwa: Makarani, wahasibu na maofisa wote wanaoandaa ripoti za mwezi
Kutoka: Kitengo cha Takwimu na Mafunzo
Mada: Excel inakataa kujumlisha? Tukutane Alhamisi 18 Juni, saa 8 mchana

Ndugu wenzetu,

Habari za kazi.

Kila mwisho wa mwezi kitengo chetu hupokea maswali yaleyale. Jumla ya kwenye Excel haiendani na jumla ya kwenye vitabu. Mteja mmoja anatokea mara tatu kwenye orodha. Namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo. Mara nyingi anayeuliza anaamini kwamba fomula ndiyo mbovu, na tukifungua faili tunakuta fomula haina tatizo lolote. Chafu ni data iliyolishwa humo.

Kwa hiyo tunawaalika kwenye mafunzo ya saa mbili kwa njia ya Zoom:

Siku: Alhamisi, 18 Juni 2026
Muda: Saa 8:00 mchana hadi saa 10:00 alasiri, saa za Afrika Mashariki (kwenye kalenda ya kompyuta itasomeka 14:00 hadi 16:00, tafadhali msiisome kama saa nane usiku, imeshatokea)
Gharama: Hakuna
Nafasi: 60

Hatutaleta slaidi za kusomeana. Tutafungua faili moja la mauzo lenye safu mlalo 400, tulilolichafua kwa makusudi, na kila mshiriki atalisafisha kwenye kompyuta yake hadi jumla ikubali.

Utakachoondoka nacho

Kubwa kuliko yote ni jicho la kuona kosa kabla halijafika kwenye ripoti. Chukua namba zilizohifadhiwa kama maandishi: kwa kawaida huegemea kushoto mwa seli, na SUM inazipita kimyakimya bila kutoa onyo kwenye jumla. Ripoti inatoka safi, imepangwa vizuri, na ni ya uongo. Utajifunza kuzikamata zote kwa mkupuo mmoja na kuzigeuza kuwa namba halisi.

Nafasi tupu zisizoonekana nazo zinasumbua, hasa kwenye data iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti au mfumo mwingine. Wengi mnaijua TRIM, na wengi mmewahi kuilaumu kwamba haifanyi kazi. Sababu ni kwamba kuna aina ya nafasi, yenye namba 160, ambayo TRIM haiigusi. Dawa yake ni hii:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))
```

Tutakaa pia kwenye VLOOKUP, kwa kuwa ndiko tunakoona majibu ya hatari zaidi. Ukiacha kuandika FALSE mwishoni, Excel inatafuta jibu la kukaribia badala ya jibu lenyewe, na inaweza kukupa taarifa za mteja mwingine kabisa bila kuonyesha kosa:

```
=VLOOKUP(A2,Wateja!A:C,3,FALSE)
```

Wenye Microsoft 365 au Excel 2021 wataonyeshwa XLOOKUP, ambayo yenyewe huanza kwa kutafuta jibu kamili. Wenye matoleo ya 2016 na 2019 hawana fomula hiyo. Wasiwe na wasiwasi, mazoezi yote yanafanyika bila hiyo.

Tarehe tumezipa nusu saa nzima. 03/04/2026 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi kutegemea mipangilio ya kompyuta, na faili likizunguka kwenye mashine tatu lazima mtu mmoja adanganywe. Mwishoni tutatengeneza PivotTable moja ya mauzo kwa mwezi na kwa tawi. Hiyo ni kazi ya dakika tano data ikiwa safi, ndiyo maana tumeiweka mwisho.

Kama unaandika macro na kutumia Power Query kila siku, mafunzo haya yatakuchosha. Mtumie mwaliko huu mwenzako anayehitaji.

Namna ya kujisajili

1. Bonyeza kitufe cha JISAJILI kilichopo chini ya barua pepe hii.
2. Jaza jina, kitengo chako, barua pepe ya kazini na toleo la Excel unalotumia. Kuliona toleo, fungua File kisha Account.
3. Andika swali moja linalokusumbua kwenye ripoti zako. Si lazima, lakini maswali yatakayojirudia ndiyo tutakayoanza nayo.
4. Bonyeza Tuma. Utapokea barua pepe ya uthibitisho yenye kiungo chako cha kuingilia. Usipoiona ndani ya saa moja, angalia folda ya Spam, kisha tujibu hapahapa.

Usajili unafungwa Jumanne, 16 Juni, saa 11:00 jioni, au nafasi 60 zikijaa kabla ya hapo. Tumeweka kikomo hicho kwa sababu wasaidizi ni wawili tu, na tunataka atakayekwama asaidiwe papo hapo. Kiungo ni cha mtu mmoja. Tafadhali usimgawie mwingine. Ukipata dharura, tuarifu mapema ili nafasi yako apewe aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Mafunzo yatarekodiwa, na waliojisajili watatumiwa rekodi. Hata hivyo, rekodi haiwezi kukuonyesha kosa lililo kwenye faili lako.

Karibuni sana.

Mratibu wa Mafunzo
Kitengo cha Takwimu na Mafunzo

[ JISAJILI ]

---

Kikumbusho cha kwanza: barua pepe, Jumatano 17 Juni, saa 3:00 asubuhi

Mada: Ni kesho saa 8 mchana. Pakua faili la mazoezi leo

Ndugu mshiriki,

Tunakukumbusha kwamba mafunzo ya kusafisha data ni kesho, Alhamisi, kuanzia saa 8:00 mchana. Kiungo chako kimo kwenye barua pepe ya uthibitisho.

Tumeambatanisha faili la `mazoezi_mauzo.xlsx`. Lipakue leo, lifungue, na ukiona ukanda wa njano juu bonyeza Enable Editing. Usilirekebishe chochote, hata kama mkono utawasha. Tumia kompyuta; kwa simu utaweza kutazama, lakini mazoezi yatakushinda. Kama unazo skrini mbili, weka Zoom kwenye moja na Excel kwenye nyingine.

Huwezi kuhudhuria? Jibu kwa neno moja: SITAKUWEPO.

Kikumbusho cha pili: ujumbe wa simu, Alhamisi 18 Juni, saa 7:00 mchana

Habari. Mafunzo ya Excel yanaanza saa 8:00 mchana huu. Mlango uko wazi kuanzia saa 7:45. Ingia kwa kiungo kilichopo kwenye barua pepe yako, andika jina lako kamili, zima maiki, na uwe umeshafungua faili la mazoezi. Ukikwama kuingia, jibu ujumbe huu na msaidizi atakupigia.

Kwa waliojisajili wasiingie: barua pepe, Ijumaa 19 Juni

Mada: Rekodi ya jana na faili lililosafishwa

Ndugu mwenzetu, jana hatukukuona. Rekodi na mafaili mawili, chafu na safi, vimeambatanishwa. Jaribu kwanza lile chafu. Jumla sahihi ya mauzo iko kwenye seli H2 ya lile safi, ukimaliza linganisha. Zikitofautiana, tutumie faili lako kabla ya Ijumaa ijayo tulitazame pamoja.