Barua ya kuomba feza za haraka juu ya kutengeneza shule

Bukavu, tarehe 14 Oktoba 2024

Kwa Papa Prezida na wote ba komite ya shule,

Jambo kwenu. Mulisikia ile upepo na mvua ya mawe ya Ijumaa usiku huku Kadutu, kwetu ilibeba paa ya klasi ya tano na ya sita, manjanja ingine tuliokota mpaka chini kwa mutelemko. Ukuta wa vyoo vya basichana nayo ilianguka. Batoto hakuna mwenye aliumia, ilikuwa usiku, tunamushukuru Mungu.

Leo niliingiza ba tano na ba sita mangaribi kwa klasi ya ba kwanza na ba pili. Lakini mangaribi njo mvua inanyesha, batoto banarudia na giza, na ba sita biko na mutiani wa leta mwisho wa mwaka. Hivi haiwezi kuendelea mpaka Noeli.

Fundi alipanda akaangalia. Anasema madriye haikufungiwa kwa ukuta, ilipigiliwa tu misumari, upepo ukaingia chini ukainua yote pamoja. Juu ya ile anataka nyaya ya kufungia, rulo mbili za dola 15, na mimi niko naye, tusirudilie makosa.

Bei niliuliza kwa depo mbili, Nyawera na soko ya Kadutu, naandika ya chini. Manjanja inaomba 70, za zamani 18 bado nzuri, kwa hiyo tununue 52 kwa dola 11, ni 572. Iko ya dola 8 lakini ni nyepesi sana, ya namna ile njo ilipasuka, tafazali musinisukume kwa ile. Fetyeri 9 za dola 7 ni 63, madriye 24 za dola 7 ni 168, shevro 40 za dola 4 ni 160, misumari yote 73. Fundi wa paa 200, transpori 60. Na zile nyaya 30, paa inafika dola 1.326.

Vyoo: simenti sakosi 14 kwa dola 14 ni 196, mchanga na mawe 90, matofali 120, fundi 100. Ni 506.

Yote pamoja 1.832. Kwa kesi ya shule muko 212, kwa hiyo naomba komite itoe dola 1.620. Kama haipatikane yote mara moja, tuanze na paa, lakini vyoo nayo musiiache ikae, basichana ba sita biko banaenda kujisaidia kwa majirani na bamama bamekwisha kuja kunililia.

Bazazi fulani banasema batatoa mikono Siku ya Posho, kubeba mchanga na mawe, ile nayo itapunguza kidogo. Faktire za madepo na makaratasi ya fundi niko nayo kwa biro, trezorie anaweza kuja kuona wakati yoyote. Feza zikitoka, zipite kwake, si kwangu.

Naomba tukutane Siku ya Tatu saa kumi, kwa klasi ya sita kwenyewe, muone.

Wenu,
Direkteri wa shule