Muhtasari wa zile meili za kuhamisha seva: tunasubiri neno lako kabla ya alhamisi saa sita mchana

Bosi habari, pole na safari. Ule uzi wa kuhamisha mfumo wa mahesabu kwenda seva mpya sasa hivi una meili 46, usijisumbue kuusoma wote, karibu nusu ni watu wanajibu "nimepata asante" kwa kila mtu. Nimeupitia wote jana usiku na kinachokungoja wewe ni kitu kimoja tu: tarehe.

Aiti wanataka tuhame ijumaa tarehe 28 jioni. Uhasibu wanataka jumamosi tarehe 5 ya mwezi ujao. Wauzaji wa mfumo wanataka kujulishwa siku 7 kabla ili waweke mtu wa kukaa standibai, ndo maana alhamisi ni mwisho, ukipita hapo tarehe 28 inajifuta yenyewe.

Uhasibu sababu yao ni ile ile ya kila mwezi, kuanzia tarehe 28 wanafunga mahesabu na mishahara inaandaliwa humo humo, mfumo ukigoma kuamka jumatatu hakuna anayelipwa. Mhasibu mkuu ameandika "sisi sio maabara ya kujaribia" na hapo ndo uzi ulipochafuka, meili kama kumi zinazofuata ni maneno tu, zipite.

Aiti wao walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, mkataba wa sapoti ya seva ya zamani unaisha tarehe 31. Hii naona imeshakufa ila wengi hawajagundua, maana wauzaji walijibu juzi jioni kwamba wanaweza kuongeza mwezi mmoja kwa masharti yale yale, lakini walijibu kwenye meili ya leseni na sio kwenye huu uzi, kwahiyo watu wanaendelea kubishana juu ya kitu ambacho kishapatiwa jibu. Nimekufowadia hiyo meili peke yake, ni mistari mitatu.

Ya pili ina uzito. Seva ya zamani ina diski mbili zinazobeba data ile ile, na moja imeanza kutoa onyo tangu wiki iliyopita. Ikifa, nyingine inashika kazi, ila ikifuata na hiyo tunabaki na bakapu tu. Nilimuuliza mkuu wa aiti pembeni kama kuna dawa bila kuhama, akasema diski ya akiba ipo stoo na inabadilishwa seva ikiwa inawaka, hakuna anayetolewa kwenye mfumo, ila itakuwa nzito masaa kadhaa wakati diski mpya inanakiliwa data. Anasubiri tu aambiwe afanye.

Kuhusu bakapu najua utauliza. Jaribio la kwanza la kuirudisha lilifeli, nafasi ilijaa katikati ya usiku, faili likakatika na ripoti ya asubuhi bado ikasema iko sawa (hii kwangu ndo habari mbaya kuliko zote kwenye uzi na imejibiwa na mtu mmoja tu). Wameongeza nafasi, wakarudia, data yote ikarudi kwa saa 3 na dakika 40, na uhasibu wakalinganisha salio za mwezi uliopita zikakubaliana. Kwahiyo wikiendi moja inatosha kuhama na hata kurudi nyuma kama mambo yakienda kombo.

Wazo la kuendesha mifumo miwili kwa pamoja wiki mbili lilitolewa, likakataliwa, kila muamala ungeingizwa mara mbili. Suala la leseni nalo limeisha, zipo 25 na watumiaji walioorodheshwa ni 31 ila 4 wameshaacha kazi, akaunti zao zinafungwa, tunanunua 2.

Mi naona tarehe 5, na diski ibadilishwe leo leo bila kungoja. Ila kabla hujajibu kwa wote mpigie mkuu wa aiti kwanza, amejiandaa kwa tarehe 28 kwa muda mrefu na akisomea uamuzi kwenye uzi mbele ya uhasibu atajua ameshindwa kesi.

Ukikubali, unaweza kubandika hii:

"Tunahama jumamosi tarehe 5 asubuhi. Diski yenye onyo ibadilishwe leo baada ya saa za kazi. Mkataba wa sapoti uongezwe mwezi mmoja, uhasibu waandae malipo. Bakapu ijaribiwe tena ijumaa tarehe 4 na nitumiwe matokeo yenyewe, sio ripoti ya mfumo."

Ukiona bado tarehe 28 ndo sahihi nijulishe leo niwaandikie wauzaji mapema, rasimu yao nimeshaiandaa.